"Na wewe mama utakufa?"

Mama yangu alifariki kwa ugonjwa wa moyo wiki tatu zilizopita. Tangu hapo mwanangu wa miaka mitano ananiuliza, hasa usiku, "Na wewe mama utakufa?" Huwa namwambia hapana, mimi sitakufa. Nimekosea?

Umejibu kama wanavyojibu wazazi wengi, maana swali lenyewe linachoma na wewe bado unamlilia mama yako. Ila jibu hilo halidumu. Siku atakaposikia kwamba mama wa mwenzake amefariki, atajua ulimficha, na hata maneno yako ya kweli atayatilia shaka. Nalo "ndiyo, sote tutakufa" likiishia hapo, humwachia mtoto hofu abaki nayo gizani.

Kabla ya kujibu, muulize anawaza nini. Mara nyingi mtoto wa umri huo haulizi habari za kifo, anauliza habari zake mwenyewe. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mama, na wewe utakufa?"

"Umewaza nini, mwanangu?"

"Nani atanifunika shuka?"

"Aa. Sikiliza. Kila kiumbe hai hufa siku moja, na mimi pia. Lakini sasa mwili wangu ni mzima, na natarajia kuishi miaka mingi, mpaka wewe uwe mtu mzima. Na ikitokea nisiwepo, shangazi atakaa na wewe. Yeye atakufunika."

Angalia neno "natarajia". Linampa utulivu bila kuwa ahadi usiyoweza kuitimiza. Huyo shangazi naye awe ameshaulizwa na kukubali, kwa sababu mtoto anaweza kumfuata kesho yake na kumuuliza, "Eti utanilea?"

Mbona anarudia swali lilelile, na sasa hataki kulala? Tulimwambia bibi amelala tu.

Hapo kwenye "amelala" ndipo penye tatizo. Mtoto mdogo huchukua neno kama lilivyo: kama bibi alilala asiamke, basi kulala ni hatari, na mama akisinzia lazima aamshwe. "Amesafiri" nalo humfanya asubiri mlangoni. Mrekebishie bila kuzunguka: "Nilisema bibi amelala, sikusema vizuri. Bibi amekufa. Moyo wake ulisimama, mwili wake hauwezi tena kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa wala maumivu, na hatarudi. Kulala ni kitu kingine. Ukilala, moyo wako unaendelea kudunda." Kisha weka kiganja chake kifuani mwake ausikie.

Familia yenye imani inaweza kuongeza inachoamini kuhusu roho, mradi habari ya mwili iwe imeshaeleweka.

Kuhusu kurudiarudia: watoto wengi wa chini ya miaka mitano hudhani aliyekufa anaweza kurudi, na kuelewa kwamba kifo hakirudi nyuma na kwamba kinampata kila mtu hujengeka polepole, kwa wengi kati ya miaka 5 na 7. Kwa hiyo mwanao anapouliza tena, anapima kama jibu bado ni lile la jana. Mpe lilelile, kwa maneno yaleyale. Dakika mbili baadaye anaweza kukimbilia mpira wake akicheka, na hilo lisikuudhi. Watoto huomboleza kwa vipande.

Taja pia ugonjwa wenyewe. Ukisema tu "bibi aliumwa", mafua yako ya wiki ijayo yatamtia hofu. Sema ulikuwa ugonjwa mkubwa wa moyo, si kama mafua, na hauambukizi. Mwambie pia kwamba hakuna alichosema, kuwaza wala kufanya kilichomuua bibi, hata kama hajauliza. Watoto hubeba hatia hiyo kimyakimya.

Na kama mimi mwenyewe ninaumwa?

Basi usiseme mwili wako ni mzima. Taja jina la ugonjwa, mwambie madaktari wanafanya nini, na umwambie hali ikibadilika atasikia kutoka kwako kwanza.

Nitajuaje kwamba hofu imemzidi?

Kukojoa kitandani, kung'ang'ania nguo yako, tumbo kuuma asubuhi ya shule: hayo ni ya kawaida wiki za mwanzo, na hupungua mtoto akila, akioga na kulala kwa saa zilezile kama zamani. Yakiendelea miezi kadhaa bila nafuu, au yakimzuia kula, kulala au kwenda shule, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto. Akisema anataka kufa ili awe na bibi, usimkaripie. Muulize kwa upole ana maana gani. Mara nyingi ni hamu ya kumwona tu. Lakini akitaja namna ya kufanya hivyo, au akijaribu kujidhuru, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.