Mechi ikiganda, pima ruta yako kabla ya kutupigia

Shule zikifunga, dawati letu la huduma kwa wateja hupokea lalamiko lilelile: mteja ana kifurushi cha Mbps 50, video zinacheza vizuri, lakini mechi za gemu za mtandaoni zinaganda. Karibu kila mmoja anataka aongezewe kasi. Tumeshaeleza mara nyingi kwamba kasi si tatizo hapa. Mechi hutumia data kidogo mno. Inachotaka ni data hiyo ifike kwa wakati.

Ping ni muda ambao pakiti, yaani kipande kidogo cha data, huchukua kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi, kwa milisekunde. Jitter ni kuyumba kwa muda huo kutoka pakiti moja hadi nyingine. Packet Loss ni asilimia ya pakiti zilizopotelea njiani. Mwenye Ping ya 160 isiyoyumba huuzoea uchelewaji wake na kucheza. Mwenye 60 inayoruka ghafla hadi 250 humwona mpinzani akihama bila kukimbia.

Waifai huleta kuyumba huko kwa sababu vifaa hupokezana hewa moja: kimoja kikituma, vingine vinasubiri, hata vya jirani aliye kwenye chaneli yako. Pakiti zikigongana, hutumwa upya. Ndiyo maana kipimo kinaweza kuonyesha upotevu wa asilimia 0 huku mechi ikiruka. Pakiti imefika, ila imechelewa. Kwenye waya, kifaa kina njia yake hadi kwenye ruta, kinatuma na kupokea kwa wakati mmoja, wala hakingoji zamu.

Kwenye Windows, fungua Command Prompt, andika `ipconfig`, usome anwani iliyo mbele ya Default Gateway. Hiyo ndiyo ruta yako. Kisha, ikiwa anwani ni hii:

```
ping -n 100 192.168.1.1
```

Pima kwa waifai, halafu zima waifai, chomeka waya, upime tena. Tuseme kwa waifai unapata 3, 4, 95, 3, 210, na kwa waya kila mstari unasema `time<1ms`. Basi kosa liko sebuleni kwako, halijafika kwetu. Waya wa Cat5e unatosha, hadi mita 100.

Waya haufupishi safari, hata hivyo. Seva ikiwa Ulaya, Ping itabaki kubwa. Na mtu wa nyumbani akipakia video ndefu, laini hujaa kwa wote, wenye waya na wasio nao.

Ikiwa kipimo cha waya hadi kwenye ruta ni safi lakini cha kwenda kwenye seva, yaani amri ileile yenye anwani ya seva, kinayumba au kupoteza pakiti, tuletee malalamiko kwa maandishi. Ambatisha namba ya akaunti, tarehe na saa ya tatizo, na picha za vipimo vyote viwili. Lalamiko lisilo na kipimo cha waya hurudishwa likamilishwe. Fundi akija akakuta tatizo ni waifai ya ndani, ada ya ziara hutozwa kulingana na mkataba wako.