Saa 6 usiku ya Ijumaa ipi?

Miaka kadhaa iliyopita niliwaandikia wanafunzi 31 barua pepe ya mistari minne kuwatangazia mtihani wa marudio wa Fonolojia ya Kiswahili, mwaka wa kwanza. Wenyewe wanauita sapu, na wenye mzaha wanasema wamekula supu. Ilisomeka hivi:

> Wapendwa wanafunzi, mtihani wa marudio utakuwa wa saa 3, Jumatatu ya wiki ya sapu. Mada ni zote tulizosoma. Jisajilini kabla ya Ijumaa saa 6 usiku. Kila la heri.

Niliona nimemaliza kazi. Ijumaa yenyewe, jua likiwa limeshazama, simu zikaanza kuingia. Wanafunzi saba walikuwa wamefungua mfumo wa usajili wakakuta umefungwa tangu usiku uliopita. Fundi wa mfumo hakuwa na kosa. Aliisoma barua yangu, akaingiza tarehe ya Ijumaa na saa 00:00, na kwa kompyuta 00:00 ni dakika ambayo Ijumaa inaanza. Mimi nilikuwa na maana ya pale inapokwisha. Tofauti ni saa 24 kamili.

Mtu anayefundisha Kiswahili angepaswa kuliona hilo mapema. Katika hesabu yetu ya asili, hasa pwani, siku huanza jua linapozama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Mwanafunzi aliyekulia Tanga anaweza kuelewa hivyo, na aliyezoea kalenda ya simu akaelewa kinyume chake, na wote wawili wako sahihi. Ndiyo maana watangazaji wa habari husema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Tangu siku ile siweki tena mwisho wa jambo lolote usiku wa manane. Naweka saa 10:00 jioni, wakati ofisi bado ina watu, na mwenye tatizo la malipo anaweza kupanda ngazi akamkuta mhasibu.

Malipo nayo yana mtego wake. Kwetu anayerudia somo analipa ada kwa kontroo namba anayoitoa kwenye mfumo, halafu anarudi kwenye mfumo huohuo kuthibitisha somo. Wengi hulipa kwa simu, wakipata ujumbe kwamba fedha zimepokelewa wanadhani wamesajiliwa. Hawajasajiliwa. Jina linaingia kwenye orodha ya watahiniwa baada ya kuthibitisha tu, na orodha hiyo ndiyo inayoamua nakala za kuchapishwa, chumba na idadi ya wasimamizi. Asiyemo humo anafika mlangoni na risiti mkononi na msimamizi hana karatasi ya kumpa. Hivyo barua inapaswa kutaja hatua zote mbili, na kueleza mwanafunzi ataona nini zikikamilika.

Neno "saa 3" nalo lilinisumbua. Nilikuwa na maana ya urefu wa mtihani, lakini wanafunzi kadhaa waliusoma kama muda wa kuanza. Bahati ilikuwa upande wangu, maana kweli ulianza saa 3 asubuhi. Siku hizi naandika saa ya kuanza na ya kumaliza, basi.

Lililowaumiza zaidi, hata hivyo, ni "mada zote tulizosoma". Maneno hayo yanaonekana ya haki, kumbe hayamwambii mtu kitu. Mwanafunzi aliyeshindwa mara ya kwanza tayari alijaribu kusoma zote. Akiambiwa vile anachofanya ni kutafuta mitihani ya nyuma, anakariri fasili ya fonimu, alofoni na silabi, anakuja nazo kichwani. Mimi kwenye karatasi sikuuliza fasili. Niliweka data ya namna hii:

> ulimi – ndimi, ubao – mbao, ukuta – kuta, ufunguo – funguo

Anayeelewa kanuni ataona kwamba wingi unaleta nazali, yaani sauti ya puani kama m au n, mbele ya shina. Nazali ikikutana na l, hiyo l inageuka kuwa d. Ikikutana na b, nazali yenyewe inakuwa m. Ikikutana na konsonanti isiyo ghuna kama k au f, inadondoka. Anayejua fasili tu ataandika ukurasa mzima kuhusu maana ya nazali na kupata alama 3 kati ya 20. Nilisahihisha karatasi nyingi za aina hiyo, na nadhani sehemu ya lawama ilikuwa yangu. Kumwambia mwanafunzi kwamba atapewa data asiyoiona darasani si kuvujisha mtihani. Ni kumweleza ajiandae kwa kazi gani.

Hii ndiyo barua niliyotuma Agosti 2025, baada ya kuivunja ile ya kwanza:

> Kichwa: Fonolojia ya Kiswahili, mtihani wa marudio: mwisho wa kujisajili ni 12 Septemba
>
> Ndugu wanafunzi,
>
> Barua hii ni kwa waliopata D au E katika somo hili. Aliyeahirishiwa mtihani kwa ugonjwa au msiba atafanya mtihani maalumu siku hiyohiyo, lakini aje kwanza ofisini kwangu.
>
> Mtihani ni Jumatatu, 22 Septemba 2025. Unaanza saa 3:00 asubuhi na kuisha saa 6:00 mchana.
>
> Mada ni fonimu na alofoni, silabi, kanuni za kifonolojia, na shadda. Historia ya fonolojia haitaulizwa. Katika kanuni za kifonolojia utapewa maneno ambayo hatukuyachambua darasani, na utatakiwa kuonyesha kanuni inavyofanya kazi.
>
> Sehemu A ina swali moja la lazima, alama 40. Sehemu B ina maswali manne, jibu mawili, alama 30 kila moja. Alama za kazi za muhula hazitahesabiwa, na daraja la juu kabisa ni C.
>
> Lipia kwa kontroo namba, kisha rudi kwenye mfumo uthibitishe somo. Ukiona neno "Amesajiliwa" mbele ya somo, umemaliza. Mwisho ni Ijumaa, 12 Septemba 2025, saa 10:00 jioni.

Muundo sina mengi ya kusema juu yake: jumla ifike 100, na idadi ya maswali ya kujibu iandikwe, isiachwe mtu akisie. Ile sentensi ya C wenzangu wengine huona ni ya kukatisha tamaa. Mimi naona bora aijue kabla ya kulipa. Kwa kanuni za chuo chetu, hata akipata 80 kwenye sapu ataandikiwa C, na anayepigia hesabu GPA akiogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni, anahitaji kujua kiwango hicho mapema. Mtihani maalumu hauna kikomo hicho, kwani yule hakushindwa, alikosa tu kufika. Ndiyo sababu makundi hayo mawili nayatenganisha mwanzoni kabisa, ingawa karatasi zao hukaa chumba kimoja.

Jambo jingine dogo: anwani za wanafunzi naziweka kwenye nakala fiche. Mara moja niliziacha wazi, na kabla ya jioni darasa zima lilijua nani ana sapu.

Safari hii hakuna aliyenipigia simu kuhusu muda. Nilipokea maswali mawili tu. Mmoja aliuliza kama kamusi inaruhusiwa, jambo nililolisahau kweli, nikawatumia wote barua nyingine yenye neno MAREKEBISHO kwenye kichwa: hairuhusiwi. Wa pili aliuliza kama swali la lazima lazima ulijibu.