Asidi haiongezwi kwenye betri iliyopungua maji

"Betri yangu ya sola imepungua maji. Fundi kaniambia nitie asidi ipate nguvu. Nifanye hivyo?"

Hapana. Betri inapochajiwa hadi kukaribia kujaa, umeme huanza kupasua maji yawe gesi ya haidrojeni na oksijeni, nazo hutoka kwenye vifuniko. Asidi hubaki ndani. Ukiongeza nyingine, mchanganyiko unakuwa mkali kupita kiasi na kula plati, yaani vibao vya madini ya risasi vilivyo ndani ya betri. Betri huchangamka siku chache, na hapo ndipo imani hii ilipopata mashiko.

Kinachotakiwa ni maji yaliyokenekwa, yaani maji safi yasiyo na chumvi wala madini. Dukani usiseme tu "maji ya betri", maana wengine hukupa asidi. Maji ya bomba nayo yana chumvi na madini yanayoharibu betri.

Tuseme umefungua vifuniko 6 na katika seli moja ncha za plati zimeachwa wazi. Sehemu hiyo inakauka, salfeti inaganda juu yake, na mara nyingi hairudi kufanya kazi. Iliyobaki chini inaogelea kwenye asidi kali, na seli hiyo moja inaivuta betri nzima. Tia maji yafunike plati tu, chaji hadi ijae, kisha ongeza hadi kama sentimita 1 juu ya plati. Ukijaza kabisa kabla ya kuchaji, maji hupanda na kumwagika pamoja na asidi. Vaa miwani, na moto uwe mbali.

Asidi huongezwa pale tu ilipomwagika, tena kwa kupima na hidromita, kifaa kinachoonyesha ukali wa asidi.