Mjane akiolewa tena, ni nini hasa kinachobadilika?

Katika sheria ya Kiislamu, ulezi ni kumtunza mtoto: kumlisha, kumwogesha, kulala naye nyumba moja. Usimamizi wa mali ya yatima ni jambo lingine kabisa. Watu huyachanganya haya mawili, halafu wakaongeza la tatu, urithi wa mjane mwenyewe, na yote matatu wakayafuta kwa neno moja: "ameolewa."

Chukua marehemu aliyeacha mke, mwana wa kiume wa miaka 4 na binti wa miaka 7. Wazazi wake walishatangulia. Baada ya kulipa madeni na kutekeleza wosia, mali igawe mafungu 24. Mjane ana thumuni, yaani mafungu 3. Yanabaki 21: mwana 14, binti 7. Ndugu wa marehemu hapati kitu, kwa kuwa yupo mtoto wa kiume. Mafungu 3 yalikuwa ya mjane tangu mume alipokata roho, basi hata akiolewa kabla mirathi haijagawanywa, ni yake. Na yale 21 hayakuwa yake hata siku moja, kwa hiyo ndoa mpya haina cha kumnyang'anya hapo.

Inachogusa ndoa ni ulezi. Wanazuoni wengi wanaona mama akiolewa na mtu asiye na undugu na mtoto, haki yake ya ulezi huanguka. Wanategemea hadithi aliyoambiwa mama aliyekuwa akivutana na baba wa mtoto wake: una haki zaidi kwake madhali hujaolewa. Lakini yule alikuwa mwanamke aliyeachwa, na baba alikuwa hai. Hata ukimpimia mjane kwa hadithi hiyo, anayefuata ni bibi mzaa mama, si baba mdogo anayekuja na gari kuwachukua watoto. Na mjane akiolewa na huyo baba mdogo mwenyewe, kwa Mashafii ulezi wake haukatiki.

Mali nayo ina mstari wake. Kwa Mashafii, baba akifa, msimamizi ni babu mzaa baba. Asipokuwepo, ni wasii aliyeteuliwa na marehemu. Naye asipokuwepo, kadhi huteua. Ami hamo kwa undugu wake tu, na baba wa kambo hamo kabisa. Mama anaweza kuwa wasii, akiwa mwaminifu na anaweza kazi hiyo; kutoolewa si miongoni mwa sharti, ila kama marehemu aliliweka mwenyewe. Akila mali ya watoto, kadhi humwondoa kwa sababu ya khiyana, si kwa sababu ya ndoa.

Kwa hiyo shemeji anayesema "umeolewa, lete hati za shamba" aulizwe kwa upole: anadai fungu la nani, na nani kamteua kuwa wasii?