Bibi Hahitaji Kufa Ili Uongezewe Muda wa Insha

Wiki ya kuwasilisha insha ikikaribia, bibi za wanafunzi huanza kufariki mfululizo. Waliofiwa kweli wanisamehe. Hao waandike mstari mmoja tu, muda watapata. Nasema na wale wanaoamini kwamba sababu isipokuwa nzito, mhadhiri hatasikia. Wanaichukua sababu ndogo ya kweli, wanaizika, kisha wanaleta kubwa ya kutunga.

Mnasahau mnamwandikia nani. Mhadhiri wa historia kama mimi anaishi kwa kuhoji ushahidi. Ukimwandikia "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu", kichwa chake kinauliza chenyewe: sababu zipi, tangu lini, na nani mwingine anazijua? Ukisema uliugua tangu Jumatatu, ilhali Jumatano umesaini mahudhurio ya semina, amekwisha kupata vyanzo viwili vinavyopingana. Hata kama semina ulikwenda na homa yako, sasa una kazi ya kujieleza.

Barua inayofaa ni fupi. Tuseme insha ni ya maneno 2,500, swali ni kwa nini vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilienea kutoka Umatumbi hadi Ungoni, na mwisho ni Ijumaa:

> Shikamoo Mwalimu,
>
> Naomba kuongezewa siku tatu kwenye insha ya Maji Maji, kutoka Ijumaa saa 11 jioni hadi Jumatatu saa 11 jioni. Nilichelewa kuanza, nilidhani wiki moja ingetosha kusoma, haikutosha. Sehemu ya Umatumbi na ya Ungoni nimeshaandika, maneno kama 1,700. Imebaki kulinganisha ripoti za maofisa wa Kijerumani na masimulizi ya wazee yaliyokusanywa miaka ya 1960, pamoja na tanbihi. Rasimu nimeambatisha. Isipowezekana, nitawasilisha Ijumaa kama ilivyo.
>
> (Jina, namba ya usajili)

Kichwa cha barua kibebe msimbo wa kozi na neno "ombi". Salamu moja inatosha. Aya nzima ya kuulizia afya na familia haihitajiki.

Tazama "nilichelewa kuanza". Wengi wanaona maneno hayo yanawamaliza, wakati ndiyo yanayowaokoa, maana hayana cha kuhojiwa. Ila yasisimame peke yake. Ukikiri kuchelewa bila kuonyesha ulichokwisha kufanya, umeniambia tu kwamba hujafanya kitu. Kiri kwa sentensi moja, kisha uende moja kwa moja kwenye kazi. Na usijishushe kwa aya tatu za "mimi mzembe nisiyestahili". Hizo nazo ni njia ya kukwepa kusema umebakiza nini.

Sentensi inayoniudhi kuliko ya msiba ni hii: "Nahitaji muda wa kufanya utafiti zaidi." Nani hahitaji? Utafiti wa historia hauna siku unayoisha. Kila tanbihi inakuelekeza kwenye kitabu kingine. Taja pengo lenyewe. Ripoti za watawala huelekea kuona uchawi na ukorofi mahali ambapo masimulizi ya wazee yanataja kulimishwa pamba kwa nguvu. Ukisema huo ndio mgongano unaotaka kuumaliza, najua unaelewa swali, na najua kwamba siku tatu zinatosha: moja ya kusoma, moja ya kuandika, moja ya tanbihi na kuhariri.

Ndiyo maana "siku chache" haifai. Nasahihisha kwa pamoja, na insha zikisharudishwa darasani na maoni yake, siwezi kupokea nyingine juu ya swali lilelile. Tarehe kamili naipima mara moja. Vyuo vingi pia humwekea mhadhiri kikomo. Ukiomba zaidi ya hapo ombi linakwenda idarani na vielelezo vyake, kama cheti cha daktari.

Kuna jambo halinikai sawa hata hivyo. Utaratibu huu unampendelea anayejua kuomba. Pengine yupo aliyelemewa kuliko wote, ananyamaza na kukatwa alama, huku mwenye kalamu nzuri akipumzika hadi Jumatatu. Kutangaza darasani kwamba maombi yanapokelewa kunasaidia kidogo, hakumalizi tatizo.

Tuma angalau siku mbili kabla. Barua ya saa 10 jioni siku ya mwisho huenda ikasomwa kesho yake, mfumo wa kupokea kazi ukiwa umeshafungwa. Na kimya si ruhusa. Saa ikikaribia hujajibiwa, pakia rasimu uliyonayo pamoja na tanbihi zilizopo, kisha uandike mstari mmoja kusema umeshawasilisha, ila ombi lako bado lipo.