Kupata nusukipenyo cha ukingo uliopinda kwa ugwe na kimo cha tao

Kipande cha puli iliyovunjika hakina kitovu. Kitovu kilibaki kwenye sehemu iliyopotea, au kimeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mteja amesimama mbele ya karakana akiwa na kipande cha ukingo tu mkononi: "Fundi, nitengenezee nyingine kama hii." Kwa mafundi wa Katwe na Kisenyi, Kampala, ambako vinu vya kusaga mahindi ni sehemu kubwa ya kazi, ombi la namna hiyo si geni. Anayekereza hawezi kuanza kabla ya kujua kipenyo, na kipenyo hakipimiki moja kwa moja.

Hata hivyo, ukingo wenyewe umehifadhi habari ya kutosha. Chagua nukta mbili juu ya ukingo uliopinda, uziunganishe kwa mstari ulionyooka. Mstari huo ni ugwe. Kisha pima, kutoka katikati ya ugwe, umbali wa kwenda wima hadi kwenye ukingo. Umbali huo ni kimo cha tao. Vipimo hivyo viwili vinatosha kabisa, kwa sababu duara moja tu ndilo linaloweza kupita kwenye ncha mbili za ugwe na kwenye kilele cha tao kwa pamoja.

Kanuni yenyewe, tukiita ugwe u, kimo k na nusukipenyo R, ni hii:

```
R = u*u/(8*k) + k/2
```

Ukiwa karakanani usijisumbue kukariri hiyo nane. Ipo njia nyepesi ya kufika hapo hapo, nayo inaonyesha kwa nini hesabu inakubali. Chora duara zima akilini, upitishe kipenyo katikati ya ugwe, kikiukata kwa pembe mraba. Kipenyo hicho kimegawanyika vipande viwili: kifupi ni kimo ulichopima, na kirefu ni kile kilichobaki upande wa pili. Jiometri ya shule inasema kwamba ugwe mbili zikikatana ndani ya duara, vipande viwili vya moja vikizidishwa vinatoa jibu sawa na vipande viwili vya nyingine. Hapa vipande vya ugwe ni nusu na nusu. Kwa hiyo nusu ya ugwe ikizidishwa kwa yenyewe ni sawa na kimo mara kipande kirefu cha kipenyo.

Basi chukua nusu ya ugwe, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa kimo, kisha ongeza kimo. Jibu ni kipenyo kizima.

Tuseme kipande cha puli kimetoa ugwe wa milimita 240 na kimo cha milimita 40. Nusu ya ugwe ni 120, na 120 mara 120 ni 14,400. Gawanya kwa 40, unapata 360. Ongeza 40, kipenyo ni milimita 400, na nusukipenyo ni 200. Hesabu imeisha. Hata kalkuleta ya simu ni nyingi mno kwa kazi hii.

Lakini hesabu si mahali kazi inapoharibikia. Inaharibikia kwenye kimo. Tuchukue puli hiyo hiyo, fundi akose kimo kwa nusu milimita tu. Akisoma 39.5, kipenyo kitatoka 404. Akisoma 40.5, kitatoka 396. Nusu milimita imezaa milimita nne, na kwa puli ya kinu hiyo inavumilika. Sasa tuseme amechagua ugwe mfupi wa milimita 80 kwenye kipande kile kile, labda kwa kuwa rula yake ndogo inafika hapo. Kimo halisi hapo ni milimita 4 na ushee mdogo sana. Akikosea kwa nusu milimita ile ile, yaani akisoma 3.5, kipenyo kitakuwa karibu 461. Akisoma 4.5, kitakuwa 360. Mkono ni ule ule na kosa ni lile lile, ila jibu sasa linayumba kwa milimita mia moja nzima.

Maana yake kwenye kinu inaonekana haraka. Tuseme injini inazunguka mara 1,000 kwa dakika, nayo inabeba puli hii kubwa, na puli ndogo ya kinu ina milimita 160. Kwa puli ya 400, nyundo za kinu zinazunguka mara 2,500 kwa dakika. Kwa puli ya 461 ni karibu 2,880, na kwa ya 360 ni 2,250. Ya kwanza itatikisa fremu na kula beringi, ya pili itasaga polepole na mwenye posho atalalamika. (Kwa mkanda wa umbo la V, hesabu kamili ya mwendo hufuata kipenyo pale mkanda unapokaa ndani ya mfereji, ambacho ni pungufu kidogo ya kipenyo cha nje. Lakini anayekereza anahitaji cha nje, na hicho ndicho tunachokipata hapa.)

Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, tafuta ugwe mrefu kuliko wote ambao kipande kinaruhusu. Kosa la kimo hukuzwa zaidi kadiri tao linavyokuwa bapa. Ugwe wenyewe hauna ukali huo: kwenye mfano wetu, ukikosea ugwe kwa milimita nzima, nusukipenyo kinapotea kwa milimita moja na nusu tu, ilhali milimita nzima ya kimo inakipotosha kwa karibu nne. Ndiyo sababu kuupima ugwe mara tatu kwa tepu na kukitupia kimo jicho mara moja ni kutumia uangalifu mahali pasipohitaji.

Ukingo wa puli umebinuka kwa nje, hivyo huwezi kulaza rula juu yake ukapata ugwe. Njia rahisi ni kuuhamishia kwenye ubao. Laza kipande juu ya plaiwudi safi au boksi gumu, kisicheze, kisha pitisha penseli iliyochongwa vizuri kandokando ya ukingo. Penseli isimame wima muda wote. Ikilala kidogo hapa na kusimama pale, mstari utajongea ndani na nje, na kujongea huko kunaingia moja kwa moja kwenye kimo. Upana wa ncha yenyewe, mradi haubadiliki, hauna madhara makubwa: mstari unakuwa duara kubwa kidogo lenye kitovu kile kile, kwa hiyo ukiona umechorwa nusu milimita nje ya chuma, toa nusu milimita kwenye nusukipenyo mwishoni. Hapo kosa halikuzwi.

Weka alama za ncha za ugwe mbali na sehemu zilizovunjika. Chuma cha kusubu kinapokatika humeguka vijipande kwenye mdomo wa ufa, na ukiweka ncha ya ugwe hapo, unapima ufa badala ya duara. Piga tupa kidogo kuondoa makapi yaliyotokeza, usiukwangue ukingo wenyewe.

Unganisha alama kwa mstari, tafuta katikati, simamisha skwea na upime kimo. Hapa wengi hutaabika bure kutafuta katikati kwa usahihi wa unywele. Karibu na kilele, tao liko karibu sambamba na ugwe, kwa hiyo kukosa katikati kwa milimita 5 kwenye puli yetu kunapunguza kimo kwa takriban sehemu sita za mia ya milimita, ambazo jicho halizioni. Telezesha skwea kushoto na kulia kando ya ugwe, na usomaji mkubwa kuliko yote ndio kimo. Kinachoharibu zaidi ni ncha ya rula. Rula za karakana huwa zimelika mwanzoni, sifuri imeshapotea milimita nzima. Anza kupima kwenye alama ya sentimita 1, kisha toa sentimita hiyo kwenye jibu.

Ukingo uliobonyea ndani, kama ganda la kinu linalobeba chujio, ni rahisi zaidi. Simamisha rula ya chuma iliyonyooka kwa ubavu wake ndani ya mbonyeo, ncha zake zote mbili ziguse. Urefu wa rula hiyo ndio ugwe. Kisha pima kina cha katikati kwa ulimi wa venia, kuanzia ukingo wa rula ulio upande wa ganda. Ukianzia ukingo wa nyuma, toa upana wa rula. Kwenye bati lililokunjwa kumbuka pia unapima upande upi, kwani uso wa ndani na wa nje hutofautiana kwa unene wa bati.

Baada ya kupata jibu, litilie shaka kwa kipimo cha pili. Kwenye mchoro ule ule, chora ugwe wenye nusu ya urefu wa kwanza, milimita 120, mahali pengine juu ya tao. Kama duara ni la kweli, kimo kipya kitakuwa karibu na robo ya kile cha kwanza, pungufu kidogo. Kwa puli yetu kinapaswa kuwa milimita 9.2. Pima mstari huo: 60 mara 60 ni 3,600, gawanya kwa 9.2 upate 391 na ushee, ongeza 9.2, kipenyo ni takriban 400. Vimekubaliana. Ukisoma 9 au 9.5, utapata 409 au 388, na hiyo bado si dalili mbaya, kwa kuwa nusu milimita kwenye ugwe mfupi inaleta tofauti ya kiasi hicho. Siku zote amini jibu la ugwe mrefu.

Ila kama kipimo cha pili kinatoa 340 au 470, na umerudia ukapata vile vile, ukingo huo si duara moja. Pengine kipande kimepinda kilipoanguka, pengine ukingo umelika upande mmoja, au ganda la bati limevutwa na moto wa kuchomelea. Kanuni itakupa namba hata hivyo, bila kukuonya. Hapo acha hesabu, tafuta sehemu ya ukingo ambayo haikuguswa, na kama haipo, pima puli ya upande wa pili na mwendo wa mashine, upate kipenyo kwa uwiano wao. Na puli za zamani za mkanda bapa zina jambo lake: zilikerezwa zikiwa na tumbo kidogo katikati ili mkanda usitoroke, kwa hiyo kipimo cha pembeni na cha katikati havitalingana hata chuma kikiwa kizima. Pima vyote viwili, umwandikie anayekereza namba zote mbili.