Kabla ya kufungua akaunti ya PS5: tarehe, nchi na barua pepe

Malalamiko tunayopokea kuhusu akaunti za PlayStation huongezeka kila shule zinapofungwa, na mengi hutokana na dakika 10 za kwanza baada ya konsoli kuwashwa. Mlalamikaji hutaka turudishe salio au tubadilishe tarehe. Hatuna uwezo huo. Akaunti ni mkataba kati ya mtumiaji na kampuni ya Sony, mwenye PlayStation, na mambo mawili ndani yake, nchi na tarehe ya kuzaliwa, mtumiaji hawezi kuyabadilisha mwenyewe kwenye mipangilio.

Tuanze na tarehe. Mtoto wa miaka 11 akijaza tarehe yake ya kweli, mfumo hautamruhusu kuendelea peke yake. Utataka mtu mzima mwenye akaunti. Wazazi wengi huona hicho ni kikwazo, wakaandika mwaka 1990 ili mambo yaishe. Si kikwazo, ni ulinzi. Akaunti ya mtu mzima haina kikomo cha matumizi kinachowekwa na mzazi, wala haimzuii mtoto kuzungumza na watu asiowajua. Kuna hasara nyingine isiyofikiriwa: ukisahau nenosiri, mfumo unaweza kukuuliza tarehe ya kuzaliwa ili kuthibitisha kuwa akaunti ni yako. Tarehe ya kubuni husahaulika.

Utaratibu sahihi ni mzazi kufungua akaunti yake kwanza, kwa tarehe yake halisi. Kisha aingie Settings, achague Family and Parental Controls, halafu Family Management, na hapo amwongeze mtoto, ambaye atahitaji barua pepe yake, tofauti na ya mzazi. Kikomo cha matumizi kiache sifuri mpaka utakapoamua vinginevyo. Ikiwa mtoto tayari ana akaunti ya mwaka 1990, suluhisho ni kufungua nyingine. Gemu za kidijitali zilizonunuliwa kwenye ile ya zamani hazihamishiki.

Sasa nchi. Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi za PlayStation Network, yaani huduma ya mtandaoni ambayo akaunti hizi ni zake. Afrika Kusini na Oman zimo. Mwaka 2024, gemu ya Helldivers 2 ilipotakiwa kuunganishwa na akaunti ya PlayStation, iliondolewa sokoni kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma, nasi tukiwemo. Masharti yanataka taarifa za kweli, hivyo taasisi haiwezi kumshauri mtu ajaze nchi asiyoishi. Tunachoweza kusema ni kinachotokea kwa waliojaza.

Chukua mzazi wa Nakuru aliyegusa United States kwa kuwa duka la Marekani lina gemu nyingi. Kadi yake ya benki ya Kenya inakataliwa kwenye malipo, kwa sababu anwani ya kadi haiko Marekani. Ndugu yake aliye Muscat anamtumia kadi ya salio ya Oman. Msimbo unakataliwa, maana kadi ya salio hufanya kazi kwenye akaunti ya nchi ileile tu. Kisha ananunua diski iliyotoka Ulaya. Diski inacheza vizuri, ila nyongeza za gemu hiyo alizonunua kwenye duka la Marekani hazitambuliki, kwa kuwa lazima zitoke eneo moja na diski. Hakuna aliyemwibia. Tunaomba jambo hili lieleweke kabla ya kuja kushtaki muuza duka.

Barua pepe ndiyo ufunguo wa vyote. Usikubali fundi wa duka akufungulie akaunti kwa anwani yake, hata kama anakusaidia kwa nia njema: mwenye barua pepe anaweza kubadilisha nenosiri siku yoyote. Tumia anwani unayoifungua mara kwa mara. Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe kwanza, kisha kwenye konsoli: Settings, Users and Accounts, Security, 2-Step Verification. Programu ya uthibitisho kwenye simu ni bora kuliko SMS, maana laini iliyoachwa muda mrefu hugawiwa mtu mwingine. Namba za akiba za kuingilia simu ikipotea ziandike kwenye karatasi.

Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya Kenya ya mwaka 2018. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Akaunti ikitekwa, wasiliana kwanza na huduma ya wateja ya PlayStation ukiwa na barua pepe ya akaunti, jina la mtandaoni, namba ya ununuzi mmojawapo na namba ya mfululizo ya konsoli. Kisha ripoti polisi na uchukue namba ya OB. Usifute ujumbe wowote wala kuirudisha konsoli kwenye hali ya kiwandani kabla ya hatua hizo.